Bei Isiandikwe Peke Yake

"Assalaam aleikum. Mimi ni fundi wa nakshi hapa Amu. Fremu ya kioo ya sentimita 60 kwa 90 inanichukua siku tatu. Ubao wa mvule ni 1,800, kioo 900, msasa, gundi na vanishi 350. Nikitangaza kwa 9,500 watu wananyamaza au wanasema ghali. Nikiandika 'bei njoo inboksi' wanauliza wengi, mwisho nauza 6,500. Je, niandike bei au nisiandike? Na nikiandika, niandike vipi?"

Wa aleikum salaam, ndugu yangu fundi. Andika bei. Lakini kabla ya kuja kwenye namna ya kuiandika, niruhusu nianze na kitu ulichokitaja kana kwamba ni jambo dogo, nacho ni hizo 6,500, kwa sababu mtu asiyejua kazi yake inamgharimu kiasi gani huandika bei kwa mkono unaotetemeka, na msomaji huuona mtetemeko huo hata kupitia simu.

Gharama ulizozitaja zinafika 3,050. Umesahau mbili ambazo mafundi karibu wote huzisahau. Ya kwanza ni uchukuzi, kwa maana ubao haukuota mlangoni pako: umevushwa kwa mashua kutoka Mokowe, kisha umebebwa kwa punda au kwa mkokoteni mpaka karakana. Ya pili ni kunoa patasi na kubadilisha zile zilizokwisha. Tuseme uchukuzi ni 250 na patasi ni 200 kwa kila fremu, na wewe urekebishe kwa kadiri ya ukweli wako. Tumefika 3,500 kabla mkono wako haujalipwa hata senti.

Siku ya fundi tuihesabu kwa 1,500. Siku tatu ni 4,500, na jumla inakuwa 8,000. Hapo ndipo wengi hukomea, lakini kuna nusu siku nyingine isiyoonekana: kupiga picha, kujibu maswali, kufunga mzigo, kuupeleka gatini. Ukiiacha bila kuilipa, unafanya kazi ya duka bure. Ongeza 750, iwe 8,750. Halafu, kama katika kila fremu kumi moja hupasuka, au kioo chake huvunjika, au mteja aliyeiagiza hatokei tena, hasara ile lazima igawanywe kwa zile zinazouzwa, yaani takriban sehemu ya kumi ya gharama. Sasa tuko 9,625, na tuandike 9,600.

Tazama basi. Bei yako ya 9,500 haikuwa ya juu. Ilikuwa imepungukiwa na shilingi mia. Na unapouza kwa 6,500, ukitoa zile 3,500 za vifaa zinabaki 3,000 kwa siku tatu na nusu, ambazo hazifiki 860 kwa siku, na bado hujagusa hasara ya zile zinazopasuka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hizi ndizo habari zenyewe. Kama unavyoona, hatuna haja ya kushusha bei. Kilichowakimbiza watu ni kwamba uliiandika ikiwa uchi, bila ya kitu cha kuisindikiza.

Sasa tuje kwenye "bei njoo inboksi". Nimeuza kazi za mikono hapa Malindi kwa miaka 17, na kwa muda mrefu nami niliandika maneno hayo, nikidhani kwamba mtu akishakuja faraghani nitamweleza thamani ya kazi na atakubali. Siku moja nilichukua daftari nikaanza kuandika kila aliyeuliza bei, na mbele ya jina nikaandika alichofanya baadaye. Kilichonishangaza hakikuwa uchache wa walionunua, kwa sababu hilo nililijua. Nilishangaa nilipowauliza wateja wangu wa zamani, watu wenye uwezo na wanaopenda nakshi, kwa nini hawakuwahi kuuliza. Jibu lilikuwa lilelile kwa maneno tofauti: waliona haya. Kwetu sisi watu wa pwani, kumuuliza mtu bei, ukaambiwa, kisha ukanyamaza ni kama kumvunjia heshima, hasa ikiwa ni fundi unayekutana naye msikitini au ndugu wa mtu unayemjua. Kwa hiyo mwenye staha hupita kimya ili asije akajikuta anapaswa kukataa. Anayebaki ni yule asiyeona taabu kuuliza vitu 20 kwa siku na kutonunua hata kimoja. Ukificha bei, unawachuja wateja kinyumenyume.

Lipo na lingine. Mtu wa Nairobi au wa Mombasa akiona bei imefichwa katika tangazo la Amu, mara moja hushuku kwamba bei itapimwa kwa sura yake au kwa jina lake. Shaka hiyo haikutoka hewani, kwani sote tunajua kwamba katika miji yetu ya watalii pana bei ya mgeni na bei ya mwenyeji. Mimi mwenyewe niliwahi kutangaza kasha dogo kwa Kiingereza kwa bei moja na kwa Kiswahili kwa bei ya chini yake, nikiamini kwamba kila kundi litasoma lake. Malindi ina Waitaliano walioishi hapa miaka mingi na wanaosema Kiswahili vizuri. Mmoja wao, ambaye alikuwa amekwisha kununua kwangu mara tatu, aliyasoma matangazo yote mawili. Hakunigombeza, wala hakurudi tena. Tangu siku hiyo bei yangu iliyoandikwa ni moja kwa kila mtu. Nikitaka kumpunguzia jirani au jamaa, nampunguzia ana kwa ana, baada ya yeye kuijua bei kamili, na namwambia wazi kwamba nimempunguzia kwa sababu ya ujirani, ili ajue alichopewa na asije akamtangazia mwingine kwamba kitu kile kinauzwa hivyo.

Turudi kwenye fremu yako. Msomaji anayeona "Fremu 9,500" anailinganisha na nini? Hana cha kulinganisha nacho isipokuwa fremu aliyoiona katika duka kubwa la mjini, iliyotengenezwa kiwandani kwa unga wa mbao ulioshindiliwa, ikapakwa rangi na kubandikwa nakshi iliyopigwa chapa. Katika picha ya simu, vitu hivi viwili vinaweza kufanana sana. Hata mvule na mwembe, vikishapakwa vanishi moja, si wengi wanaoweza kuvitofautisha kwa kutazama skrini. Kwa hiyo anapokuambia ghali, mara nyingi hasemi kwamba kazi yako haistahili pesa hiyo. Anasema kwamba hajaambiwa anachokinunua. Bei lazima iandamane na mambo manne, nayo ni mti, kipimo, kazi ya mkono iliyoingia, na vitu vilivyomo ndani ya pesa hiyo. Mengine yote ni ya ziada.

Mimi ningeliandika tangazo lako hivi:

"Fremu ya kioo, mvule mtupu, nakshi ya mkono pande zote nne. Kipimo cha nje ni sentimita 60 kwa 90. Imechongwa Amu kwa siku tatu. KSh 9,600 pamoja na kioo na vyango vya kuangikia. KSh 8,600 bila kioo. Bei ni ya kuchukulia Amu. Mzigo wa Malindi au Mombasa hulipiwa nauli yake, na utaambiwa kiasi kabla hujalipa. Ipo moja tayari."

Angalia mahali ilipokaa bei. Haikuja mwanzoni, kwa sababu hapo msomaji hana cha kuipima. Haikufichwa mwishoni pia, baada ya aya mbili za kusifia urithi wa Waswahili, kwani mtu akitafuta bei kwa muda mrefu hudhani kwamba inaonewa haya. Imekuja mara tu baada ya msomaji kujua kitu ni nini, na ikafuatwa na habari za kazi, nazo ni namna ya kukipata. Kumbuka vilevile kwamba Instagram huonyesha mwanzo tu wa maelezo, na mengine hayaonekani mpaka mtu abonyeze. Hivyo mstari wa kwanza uwe wa kitu chenyewe, yaani mti na nakshi, na bei isiwe mbali nao.

Andika KSh, usiandike "shilingi" wala namba pekee. Kiswahili kinasomwa hadi Tanga na Dar es Salaam, na shilingi ya Tanzania ni ndogo sana mbele ya yetu. 9,600 za huko ni chini ya KSh 1,000 za hapa. Nimeona mtu akiagiza kwa furaha akidhani amepata bahati, na mazungumzo yaliyofuata yalikuwa ya aibu kwa pande zote mbili.

Usiongeze neno "tu" baada ya bei, wala "bei poa", wala "bei ya kutupa". Maneno hayo huuza kanga za mafungu mwisho wa msimu, na kwa kazi iliyokutoa jasho siku tatu, yanamwambia mnunuzi kwamba wewe mwenyewe huna imani nayo. Baya zaidi ni "bei inaongeleka". Najua kupatana bei ni desturi yetu na sina nia ya kuipinga, kwani ina utu wake pale watu wanapokaa pamoja. Lakini kuiandika katika tangazo ni kutangaza kwamba namba uliyoitaja si yenyewe, na kila atakayekuja ataanza kwa kukata thuluthi. Nadhani hapo ndipo 6,500 zako zilipozaliwa. Wako wanaojikinga kwa kupandisha bei hadi 14,000 ili wapate nafasi ya kushuka. Hilo huweza kufaa barazani, ambako mtu akiguna unamwona na unamjibu. Katika tangazo hakuna anayeguna; anaisoma 14,000, anaamini ndiyo bei, na anaendelea na safari yake.

Basi atakayepatana bei umpe nini? Mpe njia nyingine ya kupunguza pesa ambayo haikukati mkono wako. Ndiyo maana nimeweka ile bei ya bila kioo. Kioo ni 900, na sehemu yake ya hasara ni 90, kwa hiyo ukikiondoa unaweza kushuka hadi 8,600 bila kupoteza chochote cha maana. Isitoshe, kwa mteja wa mbali inamfaa zaidi, kwa sababu kioo ndicho kinachovunjika katika mashua na katika basi, na vioo vinapatikana kila mji. Mtu akisema ana 7,000, usimwambie sawa kwa fremu hiyohiyo. Mwambie kwamba kwa kiasi hicho unaweza kumchongea ndogo zaidi, au yenye nakshi pande mbili tu na pande mbili zilizopigwa randa zikaachwa wazi, na umtajie kipimo chake. Ukishusha bei bila kupunguza kazi, umekiri kwamba bei ya kwanza haikuwa ya kweli. Akiona kazi imepungua pamoja na bei, anaelewa kwamba kila shilingi ilikuwa na mahali pake.

Hapo utashawishika kuandika "fremu kuanzia 4,000", ili upate watu wengi. Nakusihi ujizuie, isipokuwa kama fremu ya 4,000 ipo kweli, ina picha yake, na uko tayari kuiuza leo. Namba ndogo ndiyo inayobaki kichwani. Mtu atakayeambiwa 9,600 baada ya kusoma 4,000 atajiona amevutwa kwa hila, hata kama hukuwa na nia hiyo. Kwa kazi za kuagizwa, kama milango, vitanda na makasha makubwa, ambako bei haiwezi kujulikana kabla ya kupima, ni bora kutaja kazi moja iliyokwisha: picha ya mlango wenyewe, upana na urefu wake, mti wake, kama mfaa wake una nakshi au la, na kiasi ulicholipwa, ukiwa umemwomba ruhusa mwenye nyumba. Kisha andika kwamba bei ya mlango mwingine itategemea kipimo na nakshi, na kwamba utaitoa kwa maandishi, itadumu siku 14, na kazi huanza baada ya arbuni ya nusu. Muda huo si urembo. Bei ya mbao hupanda bila hodi, na aliyepewa bei mwezi wa Kaskazi anaweza kuja kuidai Kusi imekwisha anza kuvuma.

Kuhusu picha nina onyo moja. Usiandike bei juu ya picha yenyewe. Stetasi ya WhatsApp hufutika baada ya saa 24, lakini picha aliyoihifadhi mtu haifutiki. Itazunguka kutoka kundi moja hadi jingine, na baada ya miaka miwili utapigiwa simu na mtu asiyekujua anayedai fremu kwa bei ya siku zile. Bei ikikaa katika maelezo, unaweza kuirekebisha. Kama ni lazima iwe juu ya picha, kwa mfano unapotangaza kwa ajili ya wageni wa Maulidi, iandikie mwisho wake: "bei hii ni hadi mwisho wa Mfungo Sita", na uandike na mwaka. Katika soko la Facebook, usijaze 1 mahali pa bei ili tu uweze kuendelea. Wanaotafuta vitu kwa kuchuja bei, yaani wale wenye pesa mkononi, hawatakuona, na watakaokuona watakuuliza kwa mzaha kama kweli fremu ni shilingi moja.

Utajuaje kwamba bei imekaa sawa? Ukimya peke yake usiuamini, kwa sababu ukimya wa jumla mara nyingi hutokana na picha mbaya au na wasomaji wasio wako. Kama marafiki zako wote mtandaoni ni mafundi wenzako wa Mkomani na Langoni, hakuna bei itakayowafanya wanunue wanachokichonga wenyewe. Sikiliza maswali. Mtu aliyekwisha kuona bei, kisha akauliza kama mchwa hauli mvule, au kama fremu itaingia katika basi, au kama unaweza kuongeza sentimita kumi, huyo ameikubali bei na anatafuta njia. Ukiona wengi wa namna hiyo wanafika hadi nauli ya mzigo kisha wanapotea, tatizo ni nauli, wala si fremu. Na ukiona kila anayeuliza anakubali papo hapo, au mwenye duka amechukua nne kwa pamoja bila kulalamika, na foleni yako imevuka mwezi, bei yako iko chini. Anayefaidi nakshi yako ni mwingine. Hapo ongeza, lakini ongeza kwa fremu zitakazofuata.

Anayekuambia hadharani kwamba ni ghali mjibu mara moja, kwa upole, kwa jambo la hakika: "Ni mvule mtupu na kazi ya siku tatu ya mkono, ndogo ya 40 kwa 60 ninayo pia." Usijitetee kwa marefu na usimkejeli. Jibu lako halisomwi na yeye peke yake; wanalisoma wale wenye haya niliowataja, ambao hawatakuuliza kitu mpaka waone unavyowatendea wanaouliza.

Kazi ya kwanza, kabla ya tangazo jipya, ni kupitia yale ya zamani na kuyaondoa maneno "bei inboksi" na "inaongeleka" kila yalipo, kwa sababu mteja wa leo atateremka chini kusoma ya mwaka jana. Na kama yuko mtu uliyekwisha kumwahidi 6,500 kabla ya hesabu hii, mchongee kwa 6,500 na kwa nakshi ileile uliyomwonyesha. Bei ya 9,600 ianze kwa anayemfuata.